Mtu wa Ishirini na Tano

Simama kwenye stendi ya Busia alfajiri, upande huu wetu wa Kenya, utafute gari la Kisumu. Kabla hujafungua kinywa utakuwa umeshikwa mkono. "Kisumu wawili! Wawili twende!" Unachungulia ndani ya nisani ya watu 14, na kweli vichwa vimejaa, viti viwili tu viko wazi. Unapanda, unalipa, unashukuru Mungu kwamba umewahi. Zinapita dakika kumi. Anakuja mama na kapu lake, anapanda, na hapo hapo kijana aliyekuwa ameketi karibu na mlango anashuka taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Anakuja mwanafunzi na begi, anashuka kijana mwingine. Ukija kuhesabu vizuri, abiria wa kweli mlikuwa watano.

Wageni ndio wanaonaswa na mchezo huu. Wenyeji wana macho yao. Abiria wa kukodi hana mzigo, huketi mahali pa kutokea haraka, hapigi simu kumwambia mtu kwamba ameshapata gari, na makanga hamwombi nauli. Mama mmoja anayepeleka vitunguu Kisumu aliniambia kwamba yeye akifika stendi haangalii vichwa. Anainama kuangalia chini ya viti. Gari likiwa na magunia na ndoo, lina watu. Likiwa na vichwa bila magunia, anakwenda kunywa chai kwanza.

Nimeanzia stendi kwa sababu mama huyo ndiye msomaji wa tangazo lako. Ukiandika "Nafasi ni chache, wahi!" kwenye karatasi ukaibandika ukutani karibu na soko la Busia, umemwandikia mtu ambaye amesikia "wawili twende" tangu utotoni. Atainama kuangalia magunia. Sura hii inahusu jinsi ya kuandika tangazo lenye magunia chini ya viti: tangazo linalosema nafasi zina mwisho na siku zinakwisha, na likichunguzwa linakutwa hivyo hivyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kijana wa kushuka taratibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandika tangazo la mafunzo ya jioni mbili kule Malaba, mafunzo ya kuweka hesabu za duka. Mwenye kazi alitaka watu wengi kadiri ya watakaopatikana, lakini aliniambia niandike "Nafasi 10 tu!" ili watu waamke. Nikaandika. Siku mbili kabla ya mafunzo wakawa wamejiandikisha watu sita, akaniambia niandike "Nafasi 2 za mwisho!" Nikaandika tena. Mama mmoja muuza nguo akaiona, akafunga kibanda mapema, akakopa ada kwa jirani, akaja mbio. Alikuta ukumbi wa viti arobaini, watu saba, na mwalimu akipanga karatasi. Aliketi mpaka mwisho bila neno. Alipotoka alinikuta mlangoni.

"Kijana, wale wengine wako wapi?"

Nilisema kitu kuhusu mvua.

"Mvua haikunyesha," akasema, akaenda zake.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Miezi mitatu baadaye mwenye kazi aliita watu tena, akapata wawili. Soko lilikuwa limekwisha kuambiana.

Basi kwa nini uchache unavuta watu? Jaribio linalotajwa sana katika fani hii ni la mwaka 1975. Wanasaikolojia watatu, Worchel, Lee na Adewole, waliwapa watu biskuti kutoka kwenye mtungi. Wengine walionyeshwa mtungi wenye biskuti kumi, wengine mtungi wenye mbili. Biskuti zilikuwa zile zile. Waliopewa kutoka kwenye mtungi wenye mbili walizitamani zaidi na kuzitajia bei ya juu zaidi. Wanaouza kozi za matangazo hukomea hapo. Husahau kusema kwamba watu hao hawakuziona biskuti kuwa tamu zaidi mdomoni. Uchache uliongeza hamu, utamu ukabaki ule ule. Mama wa Malaba alikuja na hamu ya mtungi wa biskuti mbili, akakuta mtungi umejaa, na kuanzia hapo hata utamu uliokuwepo hakuuonja.

Sasa niingie kwenye kazi moja niliyoifanya tofauti, niieleze kwa hatua zake, maana maneno ya jumla hayamsaidii mtu anayeandika tangazo leo jioni.

Wakala wa forodha aliyestaafu, mtu aliyeijua Busia tangu kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwezi Februari 2018, alitaka kufundisha wafanyabiashara wadogo kujaza cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa. Kwa asiyekijua: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtu mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha na zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, anaweza kuvuka bila kulipa ushuru wa kuingiza bidhaa akiwa na cheti hicho, na cheti hutolewa pale pale mpakani. Wengi hawakitumii. Wengine hawajakisikia. Wengine wamejaribu wakakosea, kwa mfano kukiombea mchele uliotoka Asia kwa sababu tu waliununua Uganda. Mahali pa kununulia si asili ya bidhaa, na kosa hilo moja linaweza kukuweka mpakani siku nzima.

Mzee alikuwa amepata ukumbi wa viti 60. Akaniambia: "Andika nafasi 20, watu waogope."

Nilimuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mtu anayetaka niandike namba kwenye tangazo. Mtu wa ishirini na moja akija na pesa mkononi, utamrudisha?

Akacheka. "Nimrudishe na viti vipo?"

Basi ishirini haikuwa namba, ilikuwa kelele. Tuliketi kutafuta kama ipo namba ya kweli. Nilimwomba anieleze siku yenyewe itakavyokwenda, saa kwa saa. Wataanza saa 3 asubuhi na kumaliza saa 10 jioni, kwa sababu akina mama wa Malaba wana safari ya kilomita kama thelathini kurudi nyumbani na hakuna anayetaka kuikuta giza. Hizo ni saa 7. Maelezo ya mwanzo, yaani orodha ya bidhaa, jinsi ya kukadiria thamani, nini ni asili na nini si asili, yatachukua saa moja na nusu. Chai nusu saa. Chakula cha mchana saa moja. Zinabaki saa 4.

"Na hizo saa 4 utafanya nini?"

"Hapo ndipo kazi ilipo," akasema. "Kila mmoja atajaza fomu ya mzigo wake mwenyewe, si mfano wa ubaoni. Nitaketi naye. Mwenye omena ana maswali yake, mwenye sabuni ana yake. Bila hivyo watarudi nyumbani na karatasi safi na kichwa kitupu."

"Utaketi na kila mmoja kwa muda gani?"

Alifikiri. Dakika tano hazitoshi, akasema, maana mtu huanza kwa kusimulia alivyowahi kuonewa kwanza. Dakika kumi zinatosha. Saa 4 ni dakika 240. Gawanya kwa 10, unapata watu 24.

Hapo ndipo nilipoona tangazo limeandikika. Namba 24 haikutoka kwangu wala kwa mzee, ilitoka kwenye kazi yenyewe, na ingekuwa 24 hata kama hakuna tangazo lolote. Nilimuuliza tena: mtu wa ishirini na tano akija na pesa mkononi? Safari hii hakucheka. Alisema, "Nikimchukua, nitakuwa nimemwibia mmoja wa wale 24." Hilo ndilo jibu unalotaka kulisikia kabla ya kuandika neno "tu" baada ya namba.

Angalia kwamba viti havikuhusika kabisa. Watu wengi wakitafuta ukomo wa nafasi hutazama ukumbi, na ukumbi mara nyingi ni mkubwa kuliko kazi. Kinachokwisha ni kitu kingine: macho ya mwalimu, cherehani ziko sita, jiko ni moja, daftari la mazoezi limechapishwa nakala kadhaa. Kitafute hicho. Usipokipata, huna uchache wa kutangaza, na nitafika huko.

Baada ya namba ikaja siku ya mwisho. Mzee alikuwa amesikia mahali kwamba watu hawalipi mpaka waone bei imekatwa kwa mstari, akapendekeza "Bei ya kawaida shilingi 3,000, ukilipa leo 1,500." Nani amewahi kulipa 3,000? Hakuna, warsha ilikuwa ya kwanza. Nilikataa, na si kwa ajili ya dhamiri peke yake. Sheria ya Kenya ya kulinda walaji ya mwaka 2012 inahesabu maneno ya uongo au ya kupotosha kwa mnunuzi kuwa biashara isiyo ya haki, na kudai punguzo la bei ambalo halipo kumo humo. Mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba uliofungwa kwa njia hiyo. Najua hakuna mama wa vitunguu atakayemshtaki mtu kwa shilingi 1,500. Lakini hakimu wa soko hahitaji jalada.

Tulitafuta siku ya mwisho kama tulivyoitafuta namba. Ni jambo gani litakalotokea lisiloweza kurudishwa nyuma? Mpishi. Warsha ilikuwa Jumamosi, na mpishi angekwenda sokoni Ijumaa asubuhi kununua samaki, mboga na unga. Alitaka idadi kamili Alhamisi mchana, na idadi ikishatolewa, sahani ya ziada haipo. Basi usajili ungefungwa Alhamisi saa 6 mchana, hata nafasi zikibaki. Bei ikawa moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu gharama yake ilikuwa moja.

Hili hapa tangazo lilivyotoka:

"Warsha ya siku moja kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka Busia na Malaba: jaza mwenyewe cheti cha asili ya bidhaa, cha mzigo wako mwenyewe. Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nafasi ni 24. Ukumbi una viti 60, lakini mwalimu ataketi na kila mmoja wenu kwa dakika 10, na muda wake unatosha watu 24. Ada ni shilingi 1,500, chakula cha mchana kimo. Usajili unafungwa Alhamisi saa 6 mchana, kwa sababu mpishi ananunua vyakula Ijumaa asubuhi. Nafasi inakuwa yako pesa ikishaingia."

Hakuna alama hata moja ya mshangao. Rafiki yangu mmoja aliyelisoma alisema limepoa. Nilimwambia alisome tena pale penye viti 60. Tangazo la kawaida lingeuficha ukumbi mkubwa. Sisi tuliutaja wenyewe, kwa sababu mtu angeuona Jumamosi asubuhi na kuuliza swali lile la Malaba. Ukitaja ushahidi unaoonekana kukupinga kisha ukaueleza, msomaji anaacha kuinama chini ya viti. Na sentensi ile ya dakika 10 ina kazi mbili. Inaeleza kwa nini nafasi zinakwisha, na papo hapo inaeleza kwa nini warsha inafaa. Sababu nzuri ya uchache mara nyingi huwa ndiyo sababu nzuri ya kununua. Ukiona sababu yako ya uchache haisemi lolote jema juu ya bidhaa, ihoji.

Na mpishi? Nilidhani watu watapuuza habari za mpishi. Ikawa ndiyo sentensi waliyoirudia kwenye simu. "Mpishi bado hajaenda sokoni?" aliuliza mmoja siku ya Jumatano. Kila mtu Busia anajua maana ya kupika kwa idadi. Huhitaji kumwelezea.

Kuhesabu nafasi zinazobaki ndiko kugumu kuliko kuandika tangazo, na ndiko watu wema hugeuka waongo bila kukusudia. Ukiandika kwenye WhatsApp "Zimebaki 9", saa ile ni kweli. Kesho zimebaki 5, na ujumbe wako umeshapelekwa kwenye makundi manne, ya kanisa, ya chama, ya soko na ya ukoo, na huko utaendelea kusema 9 mpaka mwisho wa dunia. Kinyume chake pia hutokea: nafasi zimejaa, ujumbe unasema zipo, mtu anatoka Malaba na nauli yake. Dawa yake ni ndogo. Namba isitoke bila saa yake. Tuliandika hivi: "Hadi Jumatatu saa 10 jioni, nafasi 15 kati ya 24 zilikuwa zimelipiwa." Sentensi hiyo itabaki kweli hata ikisomwa mwaka ujao. Na andika "asubuhi", "mchana" au "jioni" kila mara. Simu huonyesha saa za kizungu, na kuna anayesoma "saa 4" akaelewa jioni.

Jambo la pili ni kujua nafasi imechukuliwa lini. Mzee alikuwa na daftari, na kila aliyepiga simu akasema "niandike" aliandikwa. Jumatatu daftari lilikuwa na majina 22. Pesa iliyokuwa imeingia ni ya watu 15. Tungeweza kutangaza kwamba zimebaki mbili, na tungekuwa na karatasi ya kuonyesha. Lakini tunaijua "niandike" ya kwetu. Ni neno la adabu, ni namna ya kumaliza simu vizuri. Tukahesabu zilizolipwa tu, na saa ya kuingia kwa pesa ilikuwa ile iliyo kwenye ujumbe wa M-Pesa, ambayo hakuna anayeweza kubishana nayo. Waliosema "niandike" tuliwapigia tukawaambia waziwazi kwamba hawajahesabiwa bado.

Kisha ikaja Jumanne. Asubuhi tulitangaza kwamba zimelipiwa 21. Mchana wawili wakaomba kurudishiwa pesa, mmoja amefiwa, mwingine amepata safari ya Kampala. Tukawarudishia, na jioni tangazo likasema zimelipiwa 19. Mzee hakupenda. Alisema namba inayorudi nyuma inaonyesha warsha inakimbiwa. Kabla hatujamaliza kubishana simu ikalia, mama mmoja kutoka Malaba.

"Asubuhi mlisema 21, sasa 19. Mnatuchezea?"

Mzee akamweleza: wawili wamerudishiwa pesa zao, mmoja ana msiba.

Kimya kidogo. "Kwa hiyo mnarudisha pesa?"

"Kabla ya Alhamisi saa 6 mchana, tunarudisha yote, mama."

Akatuma ada dakika ile ile, na ya dada yake. Sijui tangazo gani lingewapata wawili hao, lakini ile namba iliyorudi nyuma iliwapata. Kaunta ya uongo haijawahi kurudi nyuma, hushuka tu kuelekea sifuri, na ndiyo maana haiaminiki.

Hapa niweke pembeni jambo la nje. Wenye hoteli na wauza tiketi wa mtandaoni huko duniani wameujenga mchezo wa stendi kwa mashine: "watu 12 wanatazama chumba hiki sasa hivi", "kimebaki kimoja". Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizifanya kampuni sita za kuuza vyumba vya hoteli, Booking.com na Expedia zikiwemo, kuahidi kubadilisha namna zinavyowasukuma wateja kwa maneno kama hayo. Katika mambo yaliyolalamikiwa ni kwamba wale watu 12 huenda wanatafuta chumba cha tarehe nyingine kabisa. Namba ilikuwa ya kweli, maana yake ikawa ya uongo. Ni kama kuwaonyesha abiria wa Kisumu vichwa vya watu wanaongoja gari la Bungoma.

Alhamisi saa 4 asubuhi nafasi ya mwisho ikalipwa. 24. Tuliandika: "Nafasi zote 24 zimelipiwa leo Alhamisi saa 4 asubuhi. Usilipe. Ukitaka kuwekwa kwenye orodha ya kungoja, tuma jina." Neno "Usilipe" ndilo lililokuwa zito kwa mzee. Kumwandikia mtu asitume pesa!

Saa 5 na nusu akaja mtu wa ishirini na tano. Hakupiga simu, alikuja kwa miguu mpaka kibandani kwa mzee, mama wa makamo anayeuza ndizi za kutoka Uganda, noti zimekunjwa kwenye kitambaa. Alikuwa hajaona ujumbe wa asubuhi, aliyemwambia ni jirani. Bado ilikuwa kabla ya saa 6, saa ya kufunga. Alisema atasimama nyuma, hahitaji kiti, hahitaji chakula.

Mzee alinitazama. Ningependa kusema nilikuwa imara, lakini moyoni nilikuwa tayari kusema mchukue. Mtu mmoja tu, dakika 10 tu. Mzee ndiye aliyemwambia: "Mama, nikikuweka wewe, kuna mwenzako nitamharakisha. Na wewe hutapata zamu yako, utatazama tu. Niachie jina, nikipata siku nyingine wewe ndiye wa kwanza." Mama akakunja kitambaa chake. Hakufurahi. Jumamosi, wawili kati ya wale 24 walichelewa kwa saa moja kwa sababu ya foleni ya malori njiani kutoka Malaba, na zile saa 4 zikawa finyu hata kwa idadi ile. Tungemchukua wa ishirini na tano, wa mwisho angejaziwa fomu na mwalimu badala ya kuijaza mwenyewe.

Orodha ya kungoja ilifika majina 11. Kufanya warsha ya pili ni halali, lakini kuna namna ya kuitangaza inayowafanya wa kwanza wajione wajinga. Ukisema Alhamisi kwamba nafasi zimejaa na Ijumaa ukasema "kwa maombi ya wengi tumeongeza nafasi", umeligeuza la Alhamisi kuwa mchezo. Sisi tulikuwa tumeahidi watu 24 kwa Jumamosi ile, basi Jumamosi ile ikabaki 24. Ya pili ikawekwa wiki tatu baadaye, Malaba, kwa sababu majina 8 kati ya 11 yalitoka huko. Tangazo lilisema ni warsha ya pili, kwamba ya kwanza ilijaa, na kwamba waliokuwa wakingoja walipigiwa simu siku mbili kabla ya tangazo kubandikwa.

Nimeahidi kusema la kufanya kama uchache haupo. Mtu ana kanda ya mafunzo anayoiuza kwa simu, nakala yake haiishi. Au ana ukumbi mkubwa na hotuba ambayo watu 30 na watu 300 wataisikia sawasawa. Huyu asitafute namba. Aandike faida, aandike bei, aandike "ipo kila siku", na ajue kwamba kwa msomaji wetu maneno hayo yana nguvu yake, maana hajazoea kuachiwa apumue. Kama kuna haraka ya kweli upande wa msomaji, aitaje hiyo: msimu wa mahindi unaanza, shule zinafunguliwa. Lakini aitaje kwa kipimo. Mpaka huu una haraka zake za kweli, na zinabadilika bila kumwuliza mwandishi wa matangazo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama hapa. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa, yakawekwa masharti ya usajili na cheti cha kupimwa. Aliyekuwa ameandika "nunua leo, mpaka umefungwa" alikuwa mkweli Jumatatu na mwongo Alhamisi. Haraka usiyoidhibiti wewe iandikwe na tarehe yake na chanzo chake, na ikikwisha ifutwe na yule yule aliyeiandika.

Warsha ya Malaba ilifanyika. Mama wa ndizi alipigiwa simu wa kwanza, akalipa wa kwanza, akafika saa 2 asubuhi kabla ya mzee mwenyewe. Nafasi zilikuwa 24 kwa hesabu ile ile ya dakika 10. Zililipiwa 17. Tangazo letu la mwisho, la Alhamisi saa 6 mchana, lilisema: "Usajili umefungwa. Nafasi 17 kati ya 24 zimelipiwa." Viti 7 vilibaki wazi, na kila aliyeingia ukumbini alikuwa anajua hivyo kabla hajafika.